Kama SWOT Yako Haisomeki, Bado Hujaamua Unachotaka Kusema

Wasee, tuache kudanganyana. Slaidi ya SWOT yenye maneno yanayopandana si tatizo la dizaini. Si tatizo la laptopu mbovu, wala si projekta ya zamani. Ni ushahidi kwamba mwenye slaidi hakuchagua. Alikuwa na mambo ishirini kichwani, akaogopa kuacha hata moja, akayamwaga yote kwenye vyumba vinne na kuomba Mungu yatoshe.

Na hayatoshi. Hayajawahi kutosha.

Hiyo slaidi unaijua. Vyumba vinne: nguvu, udhaifu, fursa, vitisho. Kijani, nyekundu, bluu, na rangi ya machungwa. Kile cha nguvu kina aya nzima, mstari wa mwisho umeanguka juu ya kichwa cha chumba cha chini. Cha udhaifu kina maneno mawili, kwa sababu nani anapenda kujisema? Herufi za chumba kimoja ni kubwa, za kingine ni kama za maelezo ya dawa. Halafu mtu anasimama mbele anasema, "Kama mnavyoona hapa..." Bana, hatuoni.

Nimekaa kwenye mashindano ya biashara za vijana mara kadhaa, upande wa watazamaji. Dakika tano kwa kila kikundi, majaji watatu, na pesa ya mtaji mezani. Siku moja kikundi kimoja kilikuja na bidhaa poa kabisa. Slaidi ya SWOT ikafika, imejaa pomoni. Jaji mmoja, mama mtu mzima, akauliza kwa upole, "Kijana wangu, udhaifu wenu mkubwa ni upi?" Jamaa akageuka, akaanza kuutafuta kwenye slaidi yake mwenyewe. Sekunde kumi. Kumi na tano. Hakuupata. Akasema, "Tumeandika hapo, madam." Walitoka bila hata shilingi moja.

Watu walisema amepanikia. Mimi nasema hapana. Kama yeye aliyeiandika hawezi kuisoma, jaji aliye mita nane nyuma angeisoma vipi?

Na msidhani ni ugonjwa wetu sisi vijana. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uingereza, Terry Hill na Roy Westbrook, walichapisha utafiti kuhusu SWOT zilizofanywa kwenye kampuni 20. Walichokuta ni orodha ndefu ndefu, maneno ya jumla yasiyo na maana, na hakuna mpangilio wa kipi kina uzito kuliko kingine. Baadaye, kampuni zilipofika kwenye kupanga mikakati yenyewe, hizo orodha hazikutumika. Yaani watu wazima wenye tai, na washauri wa kulipwa, walijaza vyumba vinne halafu wakaviacha hapo hapo. Kwa hivyo ukiambiwa "ndivyo inavyofanywa ofisini," jibu ni kwamba ofisini pia wanakosea.

Msimamo wangu ni huu: vipimo vya chumba huja kwanza, maneno baadaye. Chumba hakiongezwi. Herufi hazipunguzwi. Kitu pekee kinachoruhusiwa kukatwa ni maneno. Ukifuata hilo, maneno hayatapandana kamwe, na utalazimika kufikiria, utake usitake.

Tuanze na chumba.

Slaidi pana ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa sentimita 33.87 na kimo cha sentimita 19.05. Watu wengi hawajui hili kwa sababu wanachora visanduku kwa macho, wakivuta na kipanya mpaka vionekane fiti. Acha macho. Tumia namba. Acha sentimita 1.5 kila upande, weka kichwa cha slaidi juu, halafu kila chumba kiwe na upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 7.

Bonyeza kisanduku kwa kulia, ingia `Format Shape`, kisha `Size & Properties`. Hapo kuna ukubwa na mahali. Andika hivi kwenye `Horizontal position` na `Vertical position`:

Nguvu: 1.5 na 3.5.
Udhaifu: 17.37 na 3.5.
Fursa: 1.5 na 11.
Vitisho: 17.37 na 11.

Piga hesabu uone. 1.5 jumlisha 15 ni 16.5, chumba cha kulia kinaanza 17.37, kwa hivyo kuna nafasi karibu sentimita moja katikati. Cha juu kinaishia 10.5, cha chini kinaanza 11, nusu sentimita imebaki. Hakuna chumba kinachogusa kingine. Kama mashine yako inapima kwa inchi, andika tu `15 cm` na yenyewe itabadilisha.

Sasa chumba hicho kinabeba nini? Hapa ndipo watu hukimbia, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Weka herufi za pointi 20, na kichwa cha chumba pointi 24. Mstari mmoja wa pointi 20 unakula karibu sentimita 0.85 kwenda chini. Ukiongeza nafasi kidogo kati ya hoja na hoja, kila hoja inakula sentimita moja na ushee. Toa kichwa, umebaki na nafasi ya mistari mitano. Kwa upande, ukitoa kingo na nukta ya mwanzo, mstari unaingiza karibu herufi 38 ukihesabu na nafasi tupu. Tuseme 35 ili tusibanane.

Hiyo ndiyo sheria: hoja nne kwa kila chumba, zisizidi herufi 35 kila moja, na mstari mmoja ubaki mtupu. Hoja tatu ni bora zaidi. Hii sheria haijatoka kwenye kitabu cha motisha, imetoka kwenye rula.

Kwa nini pointi 20 na si 12? Kwa sababu kimo cha slaidi ni pointi 540, kwa hivyo mstari wa pointi 20 ni sehemu moja ya 27 ya skrini. Kama skrini ya ukumbi ina kimo cha mita 1.35, mstari wako unapata sentimita 5, na herufi ndogo kama a na e zinapata karibu nusu ya hapo. Teremsha hadi pointi 10, hiyo nusu inakuwa sentimita moja na kidogo. Sasa kaa nyuma ya ukumbi ujaribu kusoma kitu cha sentimita moja kikiwa na mwanga wa dirisha juu yake. Noma.

Kwa wale wa Google Slides, tahadhari moja. Slaidi yake ya kawaida ni ndogo, sentimita 25.4 kwa 14.29, yaani robo tatu ya ile ya PowerPoint. Kwa hivyo zidisha kila kipimo nilichotoa kwa 0.75. Chumba kinakuwa 11.25 kwa 5.25, na herufi za 20 zinakuwa 15. Zikitupwa ukutani zinaonekana sawa kabisa. Ukiweka 20 huko ndani ya hivyo vyumba vidogo, utashangaa mbona hazitoshi halafu utanilaumu mimi.

Sasa tuje kwa adui mkubwa. Kuna swichi moja ambayo imeharibu SWOT nyingi kuliko uvivu.

Kwenye `Format Shape`, sehemu ya `Text Box`, kuna chaguo tatu. Ya kwanza ni `Do not Autofit`. Ya pili, `Shrink text on overflow`. Ya tatu, `Resize shape to fit text`. Google Slides nayo inazo, ndani ya `Format options`.

Hiyo ya tatu ndiyo inayopandanisha maneno. Ukichora kisanduku cha maandishi kwenye PowerPoint kwa `Insert` kisha `Text Box`, kinakuja kikiwa tayari kwenye chaguo hilo. Unaandika, kisanduku kinarefuka kwenda chini. Unaandika tena, kinarefuka tena. Hakijui kuna mwenzake hapo chini, na hakijali. Ndiyo maana mtu anapanga vyumba vyake vizuri saa mbili usiku, anaongeza sentensi moja saa nne, na asubuhi nguvu zimelalia fursa.

Hiyo ya pili inaonekana kama msaada, lakini ni mnafiki. Inapunguza herufi polepole ili kila kitu kiingie, na kila chumba kinapunguza kivyake. Nguvu zenye maneno mengi zinashuka hadi 13, udhaifu wenye maneno machache unabaki 20. Mtazamaji haoni kwamba ni mashine iliyofanya hivyo. Anaona udhaifu wako umeandikwa kwa herufi kubwa kuliko nguvu zako. Umejichongea mwenyewe mbele ya mwenye pesa.

Chagua ya kwanza kwenye vyumba vyote vinne. Ndiyo, ukizidisha maneno yatamwagika nje ya mpaka, wazi kabisa. Hiyo ndiyo faida yake. Inakuonyesha kosa wakati bado uko nyumbani.

Kuna mtu atasema, "Si nitumie tu jedwali la safu mbili kwa mbili?" Sawa, kwenye jedwali maneno ya chumba kimoja hayawezi kupanda juu ya kingine. Lakini ukiandika mengi, safu inarefuka na kusukuma ya chini, mpaka vitisho vyako vinatoka nje ya slaidi. Jedwali halikuponyi, limehamisha tu ugonjwa. Bado lazima ukate.

Na kukata kwenyewe ndiyo kazi. Hapa kuna kambi mbili, na mimi nimegombana na zote.

Kambi ya kwanza ni wale wa sentensi nzima. Hawa nimeshawasema.

Kambi ya pili ni wale waliosikia "andika kwa ufupi" wakakimbia na neno. Slaidi yao ni safi, herufi kubwa, nafasi tele. Nguvu: "Ubunifu. Bidii. Timu bora." Udhaifu: "Fedha." Fursa: "Teknolojia." Vitisho: "Ushindani." Mazee, hiyo SWOT inafaa kinyozi, inafaa benki, inafaa kanisa, inafaa timu ya mpira. Kitu kinachofaa kila mtu hakisemi lolote kukuhusu. Ufupi bila habari ni ukurasa mtupu wenye rangi.

Kipimo changu ni hiki: funika jina la biashara. Kama hoja ingeweza kukaa kwenye slaidi ya jirani yako bila mtu kushtuka, itoe au iwekee kitu cha kushika. Kitu cha kushika ni namba, mahali, msimu, au jina la kitu halisi.

Tuchukue mfano. Tuseme wewe na rafiki yako mnauza majaketi ya mitumba Nairobi. Mnachukua mzigo Gikomba, mnapiga picha, mnauza Instagram, mnalipwa kwa M-Pesa, mnatuma kwa rider. Mmeandika SWOT ya kwanza. Kwenye nguvu mna sentensi hii:

"Tuna timu yenye bidii na uzoefu wa miaka miwili katika kuuza nguo za mitumba mtandaoni na wateja wetu wanatuamini kwa sababu ya ubora wa bidhaa zetu."

Zaidi ya herufi 140. Chumba chote kimeisha na hujasema kitu. Ikate hivi. "Timu yenye bidii": kila mtu ana bidii, toa. "Uzoefu wa miaka miwili": sawa, lakini umewapa nini? "Wateja wanatuamini": hapa kuna kitu, ila jaji atauliza umejuaje. Fungua ujumbe wa M-Pesa, hesabu majina yaliyojirudia. Tuseme mmepata 60. Hoja ni hii: "Wateja 60 wamenunua mara 2". Herufi 26. Hiyo ni imani yenye ushahidi, na imekaa mstari mmoja.

"Ubora wa bidhaa" nao, umetoka wapi? Kama ni kwa sababu mnafika sokoni mapema kabla wengine hawajachagua, sema hivyo: "Tunachagua nguo Gikomba alfajiri". Herufi 32. Na ya tatu ni pesa, kwa sababu aliyeshika mtaji anataka kuona pesa: "Faida: shilingi 250 kwa jaketi".

Udhaifu. Hapa watu huanza kujipamba. Wanaandika "tunajituma kupita kiasi," kama mtu kwenye usaili wa kazi. Wacha mchezo. Andika kile kinachowanyima usingizi: "Mtaji: robota 1 kwa mwezi". "Hatuna stoo; nguo ziko chumbani". "Jaketi 1 kati ya 10 hurudishwa". Jaji akisoma hayo matatu anajua mara moja pesa yake itaenda wapi. Udhaifu ulioandikwa vizuri ndio unaoomba pesa kwa niaba yako. Yule jamaa wa mashindano aliulizwa swali ambalo lingempa ushindi.

Fursa: "Baridi ya Nairobi, Juni mpaka Agosti". Hapa nimehesabu, ni herufi 36, imezidi moja. Nafanya nini? Sipunguzi fonti. Nakata: "Baridi ya Juni mpaka Agosti". Kila mtu ukumbini anajua tuko Nairobi. Kisha "Hosteli 3 mpya karibu na chuo". Kisha "Wapinzani hawatumi nje ya jiji".

Vitisho: "Moto wa Gikomba hujirudia". Hakuna mtu wa Nairobi atakuuliza unamaanisha nini. "Ushuru wa mitumba hubadilika". Na kumbuka mwaka 2020 serikali ilisimamisha uagizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa kwa sababu ya Korona, kwa hivyo hili si jambo la kubuni. Hilo la 2020 utalisema kwa mdomo. Slaidi inabeba hoja, wewe unabeba hadithi.

Hesabu sasa. Hoja kumi na moja, maneno hamsini na kitu. Mtu anazimaliza kabla hujavuta pumzi ya pili. Ile ya kwanza ya aya nne ingekuwa na maneno 200, na kusoma maneno 200 kwa sauti ni zaidi ya dakika moja. Una dakika tano tu. Umetumia moja kuwafanya watu wakodolee macho ukuta.

Na hapa Kiswahili kinatusaidia, ila tunakichezea vibaya. Kitenzi chetu kimoja ni sentensi kamili. "Hawarudi" ni neno moja, na linasema nani, nini, na kwamba hakifanyiki. "Wateja wapya hawarudi" ni maneno matatu yanayouma. Lakini ukianza "Tumekuwa tukiwasafirishia wateja wetu," neno la pili tu lina herufi 16, na likifika mwisho wa mstari linaruka zima zima kwenda chini na kuacha shimo. Kwa hivyo: kitenzi kifupi ndiyo, msururu wa "tumekuwa tuki" hapana. Anza na nomino au namba kila unapoweza. Ndiyo maana violezo vya kupakua mtandaoni vinatuvunja moyo. Vimepimwa kwa maneno ya Kiingereza mafupi mafupi. Ukiweka "uwajibikaji" mahali palipotengewa neno la herufi tano, kitapasuka tu.

Sasa niseme kitu ambacho wengi hawakitaki. Maneno yakipandana kwenye slaidi, mara nyingi mawazo yalipandana kwanza.

Nguvu na udhaifu ni vya ndani, vitu ambavyo mna uwezo navyo. Fursa na vitisho ni vya nje, vitatokea hata mkifunga biashara kesho. Baridi itakuja mkiwepo msiwepo. Moto wa Gikomba hauwaulizi. Sasa angalia chumba cha fursa cha watu wengi: "Kufungua duka," "Kuongeza bidhaa," "Kutangaza TikTok." Hizo si fursa, hizo ni mipango. Ziko ndani ya kichwa chako. Zitoe, ziweke slaidi inayofuata, na chumba cha fursa kitapumua bila kupunguza herufi hata moja.

Au chukua Instagram. Wengi wataiandika mara tatu: nguvu, "Tuko Instagram", udhaifu, "Tunategemea Instagram", kitisho, "Instagram inaweza kufunga akaunti." Jambo moja, vyumba vitatu, mistari mitatu imeliwa. Amua. Kama mauzo yote yanapitia akaunti moja, huo ni udhaifu, kwa sababu ni nyinyi mliochagua kutofungua njia ya pili. Iandike mara moja: "Mauzo yote yako Instagram". Ile ya akaunti kufungwa itajisema yenyewe jaji akisoma, na ukiulizwa uko tayari. Udhaifu sasa una hoja nne, chumba kimejaa sawasawa, na jambo limesemwa mara moja mahali pake.

Najua pingamizi. "Lakini mwalimu anataka maelezo, nisipoandika atanikata alama." Haki kabisa, maelezo yanatakiwa. Lakini chini ya slaidi kuna sehemu ya maelezo ya msemaji, PowerPoint inaiita `Notes`. Andika aya zako huko mpaka utosheke. Za karatasi, weka kwenye ripoti. Slaidi na ripoti ni vitu viwili, na kuvilazimisha kuwa kimoja ni kama kusoma risala nzima kwenye fulana ya kampeni.

Pingamizi la pili: "Ukifupisha unaficha ukweli." Hapa kuna hatari kweli, sitakataa. "Jaketi 1 kati ya 10 hurudishwa" haisemi kama ni kwa sababu ya saizi au ya uchafu, na suluhisho la kila moja ni tofauti. Hoja fupi ni mlango. Kama huna chumba nyuma ya mlango, utaumbuka kwenye maswali. Ndiyo maana nasema kila hoja iwe na sentensi mbili za ziada kichwani mwako. Na weka iliyo nzito zaidi juu ya kila chumba, kwa sababu vyumba vinne sawa vinadanganya kwamba kila kitu kina uzito sawa. Moto na hosteli mpya haviko sawa.

Kabla hujatoka nyumbani, fanya mambo matatu. La kwanza, wekea kila kisanduku mpaka mweusi kwa muda. Visanduku visivyo na mpaka huficha kupandana. Kingine kinaweza kuwa kimelalia kingine bila wewe kuona hadi uongeze neno. Ukimaliza kukagua, toa mpaka. La pili, tuma picha ya slaidi kwa WhatsApp ya beste yako, aitazame kwa simu bila kuikuza, akusomee udhaifu wa kwanza. Akishindwa, kata. La tatu, fungua faili kwenye mashine ya mtu mwingine. Kama ulitumia fonti ya kupakua na kule haipo, mashine itaweka nyingine, pengine pana zaidi, na mistari yako ya herufi 35 itavunjika kuwa miwili. Hapo ndipo watu huapa kwamba "jana ilikuwa sawa." Ilikuwa sawa, kwa mashine yako. Tumia fonti ya kawaida kama Arial, na ubebe nakala ya PDF kando. PDF haibadilishi mistari.

Hakuna kati ya haya kinachohitaji kipaji, na hakuna kinachohitaji pesa. Ni rula, swichi moja, na ujasiri wa kufuta. Sasa mtu akiniambia slaidi yake imejaa kwa sababu "biashara yetu ina mambo mengi," mimi simwelewi tena. Biashara zote zina mambo mengi. Anayeomba mtaji ndiye anayepaswa kujua ni yapi kumi na mawili yanayoweza kuinua au kuua yake, na kama hayajui yeye, asitarajie mtu wa mstari wa nyuma kumtafutia ndani ya herufi za pointi 11.